Saa Tatu za Hisabati Nyumbani, na Kalamu Nyekundu Isiyo na Upendeleo

Likizo ya Juni inapokaribia, wanafunzi wa kidato cha nne huonekana kwenye maduka ya stesheneri ya Kahama, Katoro na Geita mjini wakinunua vitabu vya mitihani iliyopita ya Baraza la Mitihani, NECTA. Wenyewe huviita pasti pepa. Mwanafunzi anarudi nacho nyumbani, anajilaza kitandani, anafanya maswali manne, anachungulia majibu ya nyuma, anakwenda kula, anarudi, anamalizia yaliyobaki, na jioni anamwambia mzazi kwamba amepata sabini. Hasemi uongo. Hiyo sabini anaiamini kabisa, kwa sababu hakuna aliyemwekea saa, hakuna aliyemfungia majibu, na aliyemsahihisha ni yeye mwenyewe huku akijionea huruma.

Makala hii inahusu namna ya kufanya mtihani mmoja uliopita nyumbani kwa muda wake halisi, kisha kuusahihisha kwa namna inayokupa alama unayoweza kuiamini. Nimechagua Hisabati ya kidato cha nne, ile yenye namba 041, kwa sababu mbili. Ndilo somo ambalo kwa miaka mingi watahiniwa walio wengi wameshindwa kufikia hata D, kwa hiyo ndipo kujidanganya kunapogharimu zaidi. Tena Hisabati husahihishwa hatua kwa hatua, jambo linalomwezesha hata mtu aliye nyumbani kutoa alama kwa haki akifuata utaratibu. Ninawafikiria wanafunzi wa shule, lakini zaidi watahiniwa wa kujitegemea: kijana anayeshinda kwenye karasha Nyarugusu au dukani Masumbwe, aliyejiandikisha kurudia mtihani, na hana mwalimu wa kumpa zoezi wala wa kumwambia alipo.

Kwanza karatasi

Karatasi ya mtihani uliopita ina thamani kubwa kabla hujaiona. Ukishasoma maswali yake, hata kwa kupitisha macho tu, haiwezi tena kukupima. Itabaki kuwa karatasi ya mazoezi. Kwa hiyo kabla ya kufungua kitabu cha mitihani, amua ni miaka ipi utaitumia kujifunzia na ipi utaiacha imefungwa. Ushauri wangu ni kuiacha mitatu ya karibuni, na kuitumia mmoja mwezi Julai, mmoja Septemba na mmoja Oktoba, kwa kuwa mtihani wenyewe hufanyika Novemba. Kama kitabu unakichangia na wenzako, zibane kurasa za miaka hiyo kwa pini za stepula. Ni jambo la kitoto, lakini linafanya kazi kuliko ahadi.

Mwenye simu na bando anaweza kupata karatasi bila kununua kitabu. Tovuti iitwayo Maktaba TETEA (maktaba.tetea.org) ina mitihani ya NECTA ya miaka mingi, na tovuti ya Baraza lenyewe (necta.go.tz) ina fomati za mitihani pamoja na taarifa nyingine muhimu nitakayoifikia baadaye. Mwombe mtu mwingine akupakulie na kukuchapishia, ili wewe usiyaone maswali mapema.

Angalia pia umbo la karatasi. Hisabati ya miaka ya karibuni ina maswali 14 ambayo yote ni ya lazima: sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, sehemu B maswali 4 ya alama 10 kila moja, jumla alama 100 kwa saa 3. Karatasi za zamani kidogo zilikuwa na maswali 16, na katika sehemu B mtahiniwa alichagua manne kati ya sita. Ukiifanya karatasi ya namna hiyo kwa kuchagua, utakuwa umejipa nafasi ya kukwepa mada mbili usizozipenda, nafasi ambayo sasa haipo. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kuanza, mtu anayekusimamia apige kura kwa vikaratasi sita na kuyafuta mawili. Manne yatakayobaki ni ya lazima, uyapende usiyapende.

Msimamizi hahitaji kujua Hisabati

Wengi hudhani kwamba kwa kuwa mama au mjomba hakusoma, hawezi kusaidia. Kazi ya msimamizi ni kushika saa, kushika simu, kufungua bahasha ya maswali na kukusanya karatasi muda ukiisha. Kazi hiyo haidai kujua sini wala kosini. Kwa kweli mtu asiyejua Hisabati ni msimamizi mzuri zaidi, kwa sababu hawezi kukunong'oneza kitu, na wala hatakuonea huruma akiona umekwama kwenye swali jepesi.

Mpe maagizo matatu. Simu yako ikae kwake, imezimwa. Saa ikianza kuhesabu haisimamishwi. Na dakika ya mwisho ikifika, hata ukimwambia umebakiza mstari mmoja, jibu lake liwe moja tu: "Weka kalamu chini, mwanangu." Ukimaliza, aandike kwenye ukurasa wa kwanza saa uliyoanza na saa uliyomaliza, kisha aiweke karatasi mahali ambapo huwezi kuifikia mpaka siku ya kusahihisha.

Kuhusu saa ya kufanyia, fuata saa za Baraza. Mitihani ya asubuhi huanza saa 2:00, ya mchana saa 8:00. Jaribu zote mbili kwenye karatasi tofauti, kwa maana kichwa cha saa 8:00 mchana, baada ya ugali na joto la bati, si kile cha asubuhi. Usiufanye usiku kwa taa. Mtihani hautafanyika usiku.

Kuna tatizo la kelele, na katika ukanda wa dhahabu si dogo. Anayeishi karibu na makarasha ya Rwamagasa au Mgusu anajua kwamba mashine zile hazimngoji mtu asome. Uzoefu wangu ni kwamba mngurumo unaoendelea bila kubadilika akili huuzoea baada ya muda mfupi. Kinachovunja mtihani ni maneno: mteja anayeuliza bei ya vocha, mdogo wako anayetaka kujua kiberiti kiko wapi, redio inayotangaza mpira. Kwa hiyo kati ya chumba kilicho karibu na karasha na sebule tulivu yenye watu wanaopita, chagua cha kwanza. Kilicho bora kuliko vyote ni darasa tupu la shule ya jirani wakati wa likizo, ukiomba ruhusa kwa mkuu wa shule, au ukumbi wa kanisa siku isiyo ya ibada. Mvua ikinyesha juu ya bati usisimamishe saa. Novemba ni msimu wa mvua, na inaweza kunyesha vilevile siku yenyewe.

Ukiitwa ukahudumie duka kwa dakika kumi, mtihani umevunjika. Andika "umevunjika" juu ya karatasi, malizia kama mazoezi, na usiitie alama. Afadhali kukosa alama kuliko kuwa na alama usiyojua imetoka wapi.

Mezani kuwe na kalamu mbili za wino wa bluu au mweusi, penseli, rula, seti ya vifaa vya jiometri, karatasi za grafu na kitabu cha majedwali ya Hisabati. Kikokotoo hakimo. Somo hili haliruhusu kikokotoo kwenye chumba cha mtihani, na mtu aliyejizoesha kukitumia nyumbani hugundua siku ya mtihani kwamba kuzidisha 3.142 kwa 49 kunamla dakika mbili alizokuwa hajazihesabu.

Dakika, na namna zinavyopotea

Dakika 180 kwa alama 100 ni dakika 1.8 kwa alama moja. Ukizipanga kwa urahisi wa kukumbuka, kila swali la sehemu A lipewe dakika 10, yaani dakika 100 kwa maswali yote kumi. Kila swali la sehemu B lipewe dakika 17, yaani dakika 68. Zinabaki dakika 12 za kusoma mwanzoni na kupitia mwishoni. Huu ni mpaka wa juu. Swali jepesi la namba linaweza kuisha kwa dakika tano, na dakika tano zilizosalia zikaenda kwenye swali la grafu, ambalo mara nyingi ndilo linalokula muda.

Fanya jambo moja ambalo kwenye mtihani halisi hulihitaji lakini nyumbani ni dhahabu: kila unapoanza swali, andika saa pembeni kwa penseli. Saa 2:04 swali la 1. Saa 2:12 swali la 2. Haikuchukui hata sekunde tano, na utakaposahihisha utaona kitu ambacho alama peke yake haiwezi kukuonyesha. Utakuta, kwa mfano, kwamba swali la 5 lilianza saa 2:41 na swali la 6 likaanza saa 3:08. Dakika 27 zilikwenda kwenye swali la alama 6, na ukalipatia alama 2. Dakika 17 za ziada zilizopotelea hapo ni sawasawa na muda wa swali zima la sehemu B, ambalo huenda hukulifikia kabisa.

Karatasi imeandikwa kwa Kiingereza, na ujibu kwa Kiingereza hata nyumbani. Usijitafsirie maswali kwanza kwenye daftari. Sehemu ya kinachopimwa, tupende tusipende, ni kama umeelewa swali linataka desimali tatu au tarakimu tatu za maana, na kama unapoambiwa utumie jibu la kipengele (a) kupata (b) umelitumia kweli.

Kengele ikilia, msimamizi apige mstari kwa kalamu nyekundu chini ya neno la mwisho uliloandika, kwenye kila swali ulilokuwa bado hujalimaliza. Baada ya hapo, na hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, una ruhusa ya kuendelea kwa dakika 30 kwa kalamu ya rangi nyingine, ya kijani kwa mfano. Maswali ambayo hukuyafikia uyafanye sasa, bila kufungua kitabu. Kilicho juu ya mstari mwekundu ni mtihani wako. Kilichoandikwa kwa kijani hakiingii kwenye alama, lakini kitakuambia kama tatizo lako ni kutojua au ni kuchelewa. Magonjwa hayo mawili yana dawa tofauti, na mwanafunzi asiyejua anaumwa lipi hutumia likizo nzima kunywa dawa isiyo yake.

Mwongozo uandikwe kabla ya kuangalia majibu yako

Baraza halitoi hadharani mwongozo wake wa usahihishaji. Vitabu vya mitaani vyenye majibu ya nyuma vina shida mbili: mara nyingi hutoa jibu la mwisho bila hatua, na wakati mwingine jibu lenyewe lina makosa ya uchapaji. Anayejisahihisha kwa kulinganisha jibu la mwisho tu hujinyima alama za hatua alizopatia, au, na hili hutokea zaidi, hujipa alama zote kwa kuwa "nilikaribia".

Kwa hiyo tengeneza mwongozo wako. Acha siku moja ipite baada ya mtihani. Siku ya pili, kabla karatasi yako haijatoka kwa msimamizi, kaa na maswali matupu, kitabu cha kiada na daftari, ukokotoe kila swali taratibu mpaka uwe na uhakika. Unapokwama, muulize mwalimu au mwenzako aliyetangulia. Kisha pembeni ya kila mstari andika hatua hiyo ina thamani gani: nusu alama au alama moja. Hatua za swali zijumlike kufikia 6 au 10 kamili. Kama karatasi haikugawa alama za (a) na (b), zigawe kwa kuangalia wingi wa hatua. Mwongozo ukiandikwa baada ya kuona ulichojibu, utajikuta umeweka alama pale ulipopatia na kuziondoa pale ulipokosea. Hata mtu mwaminifu hufanya hivyo bila kujua.

Hapa ndipo ile taarifa ya NECTA niliyoitaja inapokuwa na msaada mkubwa, na inashangaza jinsi wachache wanavyoitumia. Baada ya mtihani, Baraza hutoa kwa kila somo taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na iko kwenye tovuti yake. Ya Hisabati imeandikwa kwa Kiingereza. Inalichukua swali moja moja, inaeleza mada iliyopimwa, asilimia ya watahiniwa waliofanya vibaya, wastani au vizuri, na makosa waliyoyafanya. Kilicho adimu zaidi ni picha za majibu yenyewe, kwa mwandiko wa watahiniwa, moja la aliyepatia na moja la aliyekosea, pamoja na maelezo ya alipoteleza wapi. Ukiwa na taarifa ya mwaka ule ule wa karatasi yako, utaona hatua ambazo Baraza linatarajia kuziona zimeandikwa. Utaona pia alama zenye nusu, ushahidi kwamba hatua ndogo nazo huhesabiwa. Isome baada ya kuandika mwongozo wako, kisha urekebishe pale mlipotofautiana.

Swali moja, wasahihishaji wawili

Tuchukue swali la mfano nililolitunga mwenyewe kwa kufuata aina ya maswali ya sehemu A. Lina alama 6. Kipengele (a): wachimbaji watatu wanagawana shilingi 7,200,000 kwa uwiano wa 2:3:4, tafuta fungu kubwa kuliko yote. Kipengele (b): katika mfuatano wa kujumlisha, namba ya tatu ni 14 na ya saba ni 30, tafuta jumla ya namba 20 za kwanza.

Mwongozo wa (a) una alama 2. Alama moja ni ya kuonyesha kwamba mafungu ni 9 na kubwa ni 4/9 ya fedha yote. Alama moja ni ya jibu, 3,200,000. Mwongozo wa (b) una alama 4, na unakwenda hivi: a + 2d = 14 ni nusu, a + 6d = 30 ni nusu. Kutoa moja kwa nyingine na kupata 4d = 16, kisha d = 4, ni nusu. Kupata a = 6 ni nusu. Kuandika kanuni ya jumla, S = n/2 [2a + (n − 1)d], ni alama 1. Kuingiza namba, 10(12 + 76), ni nusu, na jibu 880 ni nusu.

Mtahiniwa wetu ameandika hivi. Kwenye (a) ameweka 3,200,000 peke yake, bila hatua hata moja. Kwenye (b) ameandika milinganyo yote miwili sawasawa, lakini alipotoa 14 kwenye 30 akapata 14. Kwa hiyo d yake ikawa 3.5, a ikawa 7, kanuni ameiandika vizuri, akaingiza namba zake na kupata 805.

Akijisahihisha mwenyewe usiku ule ule, nitakuambia atakachofanya. Kwenye (a) jibu ni sahihi, kwa hiyo 2. Kwenye (b) "nimekosea kutoa tu, njia yote najua", kwa hiyo anajikata nusu na kujipa 3½. Jumla 5½ kati ya 6.

Msahihishaji mgumu anaona karatasi nyingine kabisa. Maelekezo ya mtihani yanasema kazi yote ya kukokotoa ionekane wazi, na kwenye (a) haionekani. Anatoa 1 ya jibu na kuizuia 1 ya njia. Kwenye (b) anatoa 1 ya milinganyo na 1 ya kanuni. Thamani ya d, ya a, uingizaji wa namba na jibu la mwisho vyote si sahihi, kwa hiyo havina kitu. Jumla ni 3. Wapo wasahihishaji ambao wangempa nusu ya kuingiza namba, kwa kuwa ameziingiza mahali pake ingawa zenyewe zina kosa. Nyumbani nashauri usijipe. Unapokuwa na shaka, chukua ile ndogo, na fanya hivyo kwenye kila karatasi ili alama zako za Julai na Oktoba ziweze kulinganishwa.

Tofauti ya wasahihishaji hawa wawili ni alama 2½ kwenye swali moja. Ikijirudia kwenye maswali kumi ya sehemu A, ni alama 25. Kwenye mgawanyo wa madaraja ya kidato cha nne D ni kuanzia 30 hadi 44, C ni 45 hadi 64, B ni 65 hadi 74, na A ni 75 na kuendelea. Alama 25 zinatosha kumfanya mwenye D ya 42 ajione ana B ya 67.

Maswali mawili ya kujipimia upole wako: je, kuna mahali umetoa alama kwa kitu ambacho hakijaandikwa juu ya mstari mwekundu? Je, kuna swali uliloliacha wazi, na ulipoona ufumbuzi ukasema "hili nalijua"? Yote mawili ni sifuri. Ukikuta umejipa zaidi ya hapo, karatasi nzima isahihishwe upya na mtu mwingine.

Kubadilishana karatasi ndiyo njia bora, ikiwa mko watatu au wanne. Lakini usimpe rafiki karatasi nzima yenye jina lako. Mgawane maswali: mmoja asahihishe swali la 1 hadi la 4 kwa karatasi zote, mwingine la 5 hadi la 8, na kuendelea. Atakayekutana na jibu la swali la 6 mara nne mfululizo atatoa alama kwa kipimo kimoja, na hatakuwa na nafasi ya kumhurumia mtu, maana hajui jumla ya mtu yeyote. Mtahiniwa aliye peke yake, pengine huko kijijini Mbogwe asikojua mwenzake anayerudia, asahihishe mara mbili kwa kupishana wiki moja, mara ya pili bila kuona alama za kwanza. Zikitofautiana kwa zaidi ya tano, mwongozo wake haujaeleweka hata kwake mwenyewe. Aende kwenye swali lililoleta tofauti na kugawa hatua upya.

Alama zilizopotea zina majina

Sasa tuseme karatasi imesahihishwa na jumla ni 38. Wengi huishia hapo, hufurahi au huhuzunika, na kufungua karatasi nyingine. Kazi yenye faida imebaki: zile alama 62 zilizopotea zimekwenda wapi?

Pitia kila alama iliyokosekana na uiandikie herufi moja. S kwa "sikujua": hata kwa kalamu ya kijani hukuweza. H kwa "haraka": uliijua njia, ukakosea kutoa, kunakili, kuweka alama ya kutoa au kuandika hatua. M kwa "muda": hukulifikia. Kwa mfano wetu, S ni 34, H ni 12 na M ni 16, jumla 62. Kalamu ya kijani imepata alama 11 kati ya zile 16 za muda.

Ukisoma namba hizi pamoja, zinasema jambo ambalo 38 haikusema. Mtahiniwa huyu ana D kwenye karatasi, lakini elimu aliyonayo, kwa kujumlisha kijani, ni 49, ambayo ni C. Katika kuhesabu divisheni, C ni pointi 3 na D ni pointi 4. Kwa hiyo kabla ya kumlipia tuisheni ya mada mpya, afanye mambo mawili yasiyo na gharama. Kwanza, akifika dakika ya 10 kwenye swali la sehemu A bila kuona mwisho, aliache na kwenda mbele; ushahidi uko pembeni mwa karatasi yake, zile dakika 27 za swali la 5. Pili, aanze na maswali anayoyaweza, hata kama ni ya mwisho. Hakuna anayemlazimisha kufuata namba, mradi aandike wazi namba ya swali analolijibu.

Zile 12 za H huzungumza taratibu zaidi. Usiandike "niwe makini", maana hakuna anayeweza kufanyia mazoezi umakini. Andika kosa lenyewe: "nimetoa 14 kwenye 30 nikapata 14", "nimesahau vipimo vya eneo", "nimesoma jedwali la sini badala ya kosini". Kosa la aina moja likijitokeza mara tatu kwenye karatasi moja, hilo lina dawa: maswali ishirini mafupi ya aina hiyo tu, bila kikokotoo.

Zile 34 za S zigawe kwa mada. Usishangae zikiangukia mada mbili au tatu. Mtu hukosa mada nzima aliyoikimbia, hakosi vipande vidogo kila mahali. Hizo ndizo za kwenda nazo kwa mwalimu, na ukienda ukiwa umeshika karatasi yenye hatua zako zilizokwama, mwalimu atakusaidia kwa nusu saa jambo ambalo asingeweza kwa mwezi mzima ukimwambia tu "Mwalimu, Hisabati sielewi."

Karatasi moja haikupi picha kamili. Maswali ya mwaka mmoja yanaweza kuangukia mada ulizosoma jana, na ya mwaka mwingine kwenye ulizozikimbia, kwa hiyo kutoka 38 hadi 42 si lazima kuwe ni maendeleo. Kinachoonyesha maendeleo ni mgawanyo wa herufi: M ikishuka kutoka 16 hadi 4, umejifunza kutumia muda, hata jumla ikibaki pale pale kwa sababu mada za mwaka ule zilikuwa ngumu. Kwa hiyo hifadhi karatasi zote tatu pamoja na miongozo yake kwenye bahasha moja, zikiwa na saa za pembeni na herufi zake. Karatasi za NECTA usizoziona zikikuishia kabla ya Oktoba, omba shuleni mitihani ya moko ya mkoa ya miaka iliyopita, ya Shinyanga, ya Geita au hata ya mikoa ya jirani. Mingi haijaingia kwenye vitabu vya stesheneri, na kwa hiyo haina majibu ya nyuma ya kuchungulia.